Rifandi ya chuo haijaingia: jinsi ya kujua imekwama wapi

Kila Septemba swali huwa ni moja kwa ndugu zetu wanaosoma vyuo vya Marekani: "Muhula umeanza, msaada nilipata, mbona rifandi haijaingia?" Nilifanya kazi miaka minne kwenye dirisha la keshia wa komyuniti koleji moja, na kila aliyenijia na swali hilo kwa Kiswahili nilimwomba afungue simu anionyeshe ukurasa mmoja. Wengi walifungua ule wenye barua ya msaada, unaosema umepewa kiasi fulani kwa mwaka. Huo hautoshi. Unaotakiwa ni ukurasa wa akaunti ya ada, ambako kila deni na kila malipo yameandikwa kwa tarehe. Mara nyingi huitwa `Account Activity`.

Rifandi huzaliwa kwenye ukurasa huo. Chuo huandika ada, kisha huandika msaada ulioingia, na msaada ukizidi ada salio hubaki na alama ya kutoa mbele yake. Alama hiyo huwatisha watu kwa sababu inafanana na deni, kumbe maana yake ni kinyume: chuo ndicho kinachodaiwa na wewe. Huu hapa mfano wa mwanafunzi wa krediti 12 anayepata Pell Grant kamili, yaani msaada wa serikali kuu usiorudishwa. Kwa mwaka 2025–26 Pell kamili ni dola 7,395, na nusu yake huja muhula wa kwanza:

```
08/25/2025  Tuition and Fees      2,190.00
09/12/2025  Federal Pell Grant   -3,698.00
            Balance              -1,508.00
```

Dola 1,508 ndiyo rifandi, na tarehe ya kuishika ni 12 Septemba. Sheria ya serikali kuu inasema hivi: salio la ziada lililotokana na msaada wa serikali, yaani Pell au mikopo ya wanafunzi, chuo lazima kilitoe ndani ya siku 14 tangu salio hilo litokee. Hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Salio likitokea kabla ya masomo kuanza au siku yenyewe ya kuanza, siku 14 huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya masomo. Kwa huyu wa mfano, mwisho ni 26 Septemba, ingawa masomo yalianza 25 Agosti. Wengi wanaohesabu kuanzia siku ya kwanza darasani hujiona wamedhulumiwa kabla saa ya chuo haijaanza hata kuhesabu.

Barua inasema nimepewa, lakini kwenye akaunti Pell haipo

Hapa hakuna rifandi iliyochelewa, kwa sababu msaada wenyewe haujamwagwa. Chuo kinaruhusiwa kuingiza pesa ya serikali kuanzia siku 10 kabla ya masomo kuanza, lakini hakilazimiki kufanya hivyo mapema. Komyuniti koleji nyingi husubiri siku ya kuhesabu wanafunzi, ambayo wao huiita `census date`, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu ya muhula. Wanataka kwanza wahakikishe umeonekana darasani. Tarehe hiyo imo kwenye kalenda ya masomo ya chuo. Kama haijapita na huna ujumbe wa kudaiwa nyaraka, subiri tu.

Kama imepita na Pell bado haipo, sababu zinazorudi mara kwa mara ni hizi, na ndizo ningeanza nazo.

Ya kwanza ni uthibitisho. FAFSA ya mtu, ile fomu ya kuombea msaada wa serikali, huchaguliwa ikaguliwe, chuo kikaomba nyaraka za kodi au idadi ya watu wa nyumbani, na ombi likatumwa kwenye barua pepe ya chuo ambayo mwanafunzi hajawahi kuifungua. Ndani ya akaunti yako ya chuo kuna sehemu ya mambo yanayokusubiri. Isome yote, mpaka chini.

Ya pili inawagusa sana watu waliokuja kama wakimbizi. Jina lililo kwenye FAFSA halilingani na lililo kwenye rekodi za Social Security. Majina matatu yaligeuzwa mpangilio kambini, au jina la baba likawa la kati kwenye karatasi moja na la mwisho kwenye nyingine, au tarehe ya kuzaliwa iliandikwa 1 Januari halafu baadaye mtu akaandika ile anayoijua yeye. Mashine hukataa, na msaada hubaki umesimama. Vivyo hivyo kwa mwenye grini kadi ambaye namba yake ya uhamiaji ilikosewa tarakimu moja. Usibuni tarehe wala jina ili mambo yaende haraka. Peleka kadi ya Social Security na hati ya uhamiaji kwenye ofisi ya misaada ya masomo, uwaulize ni rekodi ipi isiyolingana, kisha urekebishe hapo palipokosewa.

Ya tatu ni ya anayekopa kwa mara ya kwanza akiwa mwaka wa kwanza. Mkopo wake wa serikali, katika baadhi ya vyuo, hauwezi kutolewa mpaka siku 30 za muhula zipite. Vyuo vyenye rekodi nzuri ya wanafunzi kurejesha mikopo ndivyo vinavyosamehewa kungoja huko. Na mkopo hautoki kabisa kama hujasaini mkataba na kumaliza somo fupi la mkopaji kwenye studentaid.gov. Kuukubali mkopo kwenye ukurasa wa chuo hakutoshi.

Na vitabu? Hilo ndilo lililokuwa likiniuma zaidi pale dirishani, mtu kukaa wiki tatu bila kitabu huku pesa yake ipo njiani. Chuo kina wajibu hapa. Kama msaada wako ulikuwa umekamilika siku 10 kabla ya muhula na hesabu ilionyesha utabaki na ziada, lazima kikupe njia ya kupata vitabu na vifaa kufikia siku ya saba ya muhula. Mara nyingi njia hiyo ni kukuruhusu kuchukua vitabu kwenye duka la chuo kwa mkopo utakaokatwa kwenye Pell. Nenda ofisi ya misaada uulize hivi: "Naweza kutumia ziada ya Pell yangu kuchukua vitabu dukani?" Wanajua unachozungumzia.

Salio lina alama ya kutoa, siku zimepita, benki hakuna kitu

Hili ni tatizo la njia. Pesa imetoka, au iko tayari kutoka, lakini haikupata mlango wa kupita.

Nakumbuka binti mmoja wa Kikongo aliyekuja Oktoba, salio lake likionyesha sifuri. Kabla ya sifuri kulikuwa na mstari ulioandikwa `Refund`, wa tarehe 18 Septemba. "Kaka, wamesema wamenilipa. Mimi sijaona hata senti," akaniambia. Nilimwuliza anakaa wapi. Alikuwa amehama Julai, na hundi ilitumwa kwenye nyumba ya zamani. Alipojiandikisha hakuchagua namna ya kulipwa, na usipochagua, vyuo vingi hutuma hundi ya karatasi kwa anwani iliyo kwenye rekodi, hata kama ni ya miaka miwili nyuma. Tulibadilisha anwani, tukaomba hundi ya kwanza isimamishwe, akaingiza akaunti yake ya benki kwenye mfumo. Baada ya hapo pesa ilimfikia.

Kwa hiyo tazama kwanza kama mstari wa `Refund` upo. Ukiwepo, chuo kimeshatoa, na swali linakuwa kimetoa kwa njia gani. Ikiwa ni kuingizwa benki moja kwa moja, ipe siku mbili tatu za kazi. Zikipita, linganisha namba ya akaunti uliyoandika, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyo kwenye programu ya benki. Watu hukosea kwa kunakili namba ya kadi, ile yenye tarakimu 16, mahali pa namba ya akaunti. Wengine huweka akaunti ya mume au ya shangazi, na vyuo vingi havikubali akaunti isiyo na jina la mwanafunzi. Benki ikikataa, pesa hurudi chuoni nayo huchukua siku zake kurudi, kisha huanza safari upya.

Vyuo vingine havilipi vyenyewe. Vimeipa kazi hiyo kampuni ya nje, ambayo hukutumia bahasha au barua pepe yenye namba ya siri ili uingie kwenye tovuti yao uchague njia ya kulipwa. Bahasha hiyo inafanana na matangazo ya kadi za benki, na nimeona watu wakiitupa bila kuifungua. Ukiipoteza, keshia anaweza kuomba itumwe nyingine. Kampuni hizo hukuonyesha akaunti yao kama chaguo moja, lakini chuo hakiwezi kukulazimisha kufungua akaunti huko. Unaruhusiwa kuelekeza pesa kwenye benki yako mwenyewe.

Usiiache hundi ikae kwenye droo. Isipolipwa ndani ya siku 240 tangu itolewe, chuo lazima kirudishe pesa hiyo serikalini.

Na kama hakuna mstari wa `Refund` kabisa, salio bado lina alama ya kutoa, na siku 14 zimekwisha? Angalia kwanza kama kuna mahali ulitia alama kukiruhusu chuo kikushikie ziada kwa ajili ya muhula ujao. Ruhusa hiyo ni ya hiari, na unaweza kuifuta kwa maandishi. Kama hukuitoa, mwandikie keshia ujumbe mfupi wenye tarehe mbili: tarehe salio lilipotokea na tarehe ya leo. Mtaje kwamba salio limetokana na Pell. Ujumbe wenye tarehe hujibiwa haraka kuliko malalamiko marefu, hilo nimeliona kwa macho. Ukikosa jibu, studentaid.gov ina sehemu ya kupokea malalamiko ya wanafunzi dhidi ya chuo.

Imeingia, lakini pungufu

Kwa huyu wa dola 1,508, upungufu wa kawaida kabisa hutokana na somo aliloliacha. Pell hufuata idadi ya krediti: 12 na zaidi ni asilimia 100, krediti 9 ni asilimia 75, krediti 6 ni asilimia 50. Tuseme aliacha somo la krediti 3 kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi. Pell yake ya muhula inashuka kutoka 3,698 hadi 2,773.

Sasa kila kitu kinategemea ada ya somo lile ilifutwa au la. Chuo hiki kinatoza dola 165 kwa krediti na dola 210 za michango mingine. Akiacha ndani ya siku za kufutiwa ada yote, anadaiwa 1,695 na rifandi inakuwa 1,078. Akichelewa siku moja tu baada ya dirisha hilo kufungwa, anadaiwa 2,190 ileile, na rifandi inabaki 583. Somo ni lile lile, tofauti ni karibu dola 500. Kabla ya kubonyeza kuacha somo, tafuta tarehe mbili kwenye kalenda: mwisho wa kurudishiwa ada yote, na siku ya kuhesabu wanafunzi. Mara nyingi hazilingani.

Sababu nyingine ni makato. Vitabu ulivyochukua dukani kwa mkopo vitakatwa. Deni la mwaka uliopita chuo kinaweza kulikata kwenye msaada wa mwaka huu, lakini lisizidi dola 200. Faini ya maegesho au ya maktaba haikatwi kwenye pesa ya serikali bila ruhusa yako ya maandishi, kwa hiyo ukiiona kwenye hesabu, uliza ruhusa hiyo ulitoa lini. Huenda ulitia alama wakati wa kujiandikisha bila kusoma.

Kwa aliyekuja kwa visa ya mwanafunzi, F-1, hali ni nyingine kabisa. Pell hapati, lakini anaweza kuwa na skolashipu ya chuo inayozidi ada. Sehemu inayolipia ada na vitabu vinavyohitajika haina kodi. Sehemu inayobaki kwa chumba na chakula inahesabiwa kuwa kipato, na chuo hukata asilimia 14 kabla ya kuitoa, maadamu kikodi bado si mkazi, yaani kwa kawaida miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Skolashipu ya dola 12,000 kwa ada ya 9,000 huacha 3,000. Hukatwa 420, mkononi huja 2,580. Nchi nyingine zina mkataba wa kodi na Marekani unaopunguza makato haya. Kenya na Tanzania hazina. Usitupe fomu 1042-S inayokuja mwaka unaofuata, maana ndiyo inayoonyesha makato hayo, na ukijaza fomu ya kodi 1040-NR, unaweza kurudishiwa sehemu au yote, kulingana na kipato chako.

Skolashipu ya nje imelipwa, chuo kimekaa nayo

Hapa ile sheria ya siku 14 haikulindi kama kwenye Pell. Kama ziada imetokana na skolashipu ya kanisa, ya mfuko wa jamii au ya mwajiri wa mzazi, chuo hufuata ratiba yake chenyewe. Anza kwa kumwuliza mfadhili hundi ilitoka lini, iliandikwa jina la nani, na ilikuwa na namba yako ya mwanafunzi. Hundi isiyo na namba hiyo hukaa kwenye trei ikisubiri mtu atambue ni ya nani, na wenye majina yanayofanana ni wengi. Hundi iliyoandikwa jina lako pamoja na la chuo inahitaji saini yako kwanza, kwa hiyo inabidi ufike dirishani.

Halafu soma barua ya mfadhili. Wafadhili wengi hugawanya pesa nusu kwa nusu mihula miwili, hata kama wametuma hundi moja. Ukiona dola 1,000 kati ya 2,000, hakuna aliyekuibia. Na skolashipu ikifanya jumla ya misaada yako ipite gharama ya masomo ambayo chuo kimekukadiria, ofisi ya misaada itapunguza kitu kingine. Waombe wapunguze mkopo kwanza, kabla ya kugusa pesa isiyorudishwa.

Nilipokea, sasa chuo kinanidai

Hili humkuta anayeacha masomo yote katikati ya muhula. Pell hupatikana siku kwa siku mpaka asilimia 60 ya muhula ipite. Ukiondoka baada ya hapo, yote ni yako. Ukiondoka kabla, sehemu ambayo hujaifikia lazima irudi.

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa krediti 12, ambaye ada yake ni 2,190 na alipokea rifandi ya 1,508. Muhula wake una siku 110, likizo ya Thanksgiving ya siku tano ikiwa imetolewa. Akiondoka 7 Oktoba, siku ya 44, amefika asilimia 40, kwa hiyo amepata dola 1,479 na dola 2,219 hakuzipata. Kwa kuwa asilimia 60 ya muhula hakuifikia, chuo kinarudisha serikalini asilimia 60 ya ada yake, yaani 1,314. Kinachobaki, 905, sheria inamsamehe, kwa kuwa mwanafunzi hadaiwi ile nusu ya kwanza ya granti. Lakini zile 1,314 zilikuwa zimelipa ada yake. Zikiondoka, ada inabaki wazi, na bili ya dola 1,314 inakuja kwa jina lake Novemba, wakati ile 1,508 imeshalipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo bili hiyo ikikufikia, usikimbilie kusema ni kosa. Omba ofisi ya misaada ikupe karatasi ya hesabu, na uangalie tarehe ya kuondoka waliyoitumia. Kama ulihudhuria au ulikabidhi kazi baada ya tarehe hiyo, peleka ushahidi, kwa sababu kila siku inayoongezeka inapunguza deni. Na kama hujaondoka bado na kinachokusukuma ni ugonjwa au kazi, hesabu siku kabla ya kusaini. Kwenye muhula huu siku ya 66 ni 29 Oktoba. Anayeweza kuhudhuria walau somo moja mpaka siku chache baada ya tarehe hiyo hatarudisha chochote kwa hesabu hii, ingawa masomo aliyoyaacha yatabaki kwenye rekodi yake na yatahesabiwa ofisi itakapopima maendeleo yake kwa ajili ya msaada wa muhula unaofuata.